Macho na mdomo kukauka pamoja
"Dada yangu matone ya macho hayamtoshi tena, na ugali haushuki bila maji. Kuna tiba nyingine?"

Pole sana, ndugu. Mama yangu hapa Kirumba alikuwa hivyo hivyo, hata dagaa walimkwama kooni. Daktari wa macho alimwekea kikaratasi kwenye kope la chini kwa dakika 5. Kililowa milimita 3 tu, na 5 kushuka chini ni ukavu wa kweli. Damu ikaonyesha kingamwili za anti-Ro: ugonjwa wa Sjögren, yaani kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Zisingeonekana, wangekata kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini wakipime. Akazibwa vitundu vinavyomwaga machozi puani, akaanzishiwa vidonge vya pilokapini miligramu 5, mara 4 kwa siku. Mate yamerudi, ila anatoka jasho sana. Dada akiwa na pumu isiyotulia, amwambie daktari kwanza, maana vidonge hivyo havitamfaa.