Fonti ya jina inabadilika PDF ikifika kwa mchapishaji

*Swali: Natengeneza vyeti kwa Word halafu naviprinti kuwa PDF. Kwangu na kwenye simu yangu maandishi ya kawaida yako sawa, na kwenye kompyuta hata jina la mshindi, nililoliweka kwa fonti ya mwandiko wa mkono, linatokea vizuri. Kwa mchapishaji jina hilo linakuwa na sura nyingine kabisa, herufi zimeachana. Si wanasema PDF haibadiliki?*

Kisichobadilika ndani ya PDF ni mahali pa kila herufi. Umbo la herufi linatoka kwenye fonti, na fonti inaweza kuwemo ndani ya faili au ikatajwa kwa jina tu. Ikiwa imetajwa tu, programu inayofungua faili huitafuta kwenye kompyuta husika, na isipoipata huazima nyingine. Nafasi zilizopimwa kwa fonti ya kwanza zinabaki vilevile, ndiyo maana unaona herufi zimeachana au zimebanana. Kama mistari yenyewe ingehama ukurasa, ningekuambia mchapishaji alifungua faili la Word na si PDF.

Kwa hiyo kompyuta yako haifai kuwa shahidi katika jambo hili. Fonti ile unayo, basi kosa halitaonekana kwako hata ufungue faili mara mia. Angalia orodha ya fonti badala ya kuangalia ukurasa. Katika Adobe Reader bonyeza Ctrl+D, kisha nenda kwenye Fonts. Fonti iliyopachikwa huandikwa Embedded au Embedded Subset pembeni ya jina lake. Isiyopachikwa haina maneno hayo. Mimi hupendelea amri ya pdffonts, inayokuja na kifurushi cha zana za PDF kiitwacho Poppler, kwa sababu inajibu kwa ndiyo au hapana:

```
pdffonts cheti.pdf
name             type      encoding  emb sub uni
BCDEEE+Calibri   TrueType  WinAnsi   yes yes no
MwandikoMzuri    TrueType  WinAnsi   no  no  no
```

Safu ya kutazama ni emb. Calibri imo, tena zimechukuliwa herufi zilizotumika tu, na zile herufi sita kubwa zenye alama ya kujumlisha mbele ya jina ndizo zinazoonyesha hivyo. Fonti ya jina (hilo jina nimeliweka mimi kwa mfano) imeachwa nje, na ninaamini cheti chako kitaonyesha hali hiyohiyo.

Sasa tafuta kwa nini. Fungua folda ya C:\Windows\Fonts, bonyeza fonti hiyo mara moja, usome palipoandikwa Font embeddability. Ukikuta Editable, Installable au Print and preview, fonti inaruhusu kupachikwa, na wa kulaumiwa ni ile printa ya PDF, ambayo huenda imepangwa iunde faili dogo kadiri inavyowezekana. Achana nayo. Ndani ya Word tumia Save As, chagua PDF, fungua Options, uweke tiki kwenye PDF/A. Kiwango hicho, kilichotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka muda mrefu, kinadai fonti za maandishi yote yanayoonekana ziwemo ndani ya faili. Usichanganye na ile Embed fonts in the file iliyo kwenye mipangilio ya Word: hiyo hupachika fonti ndani ya faili la Word.

Ukikuta Restricted, mwenye fonti amekataza isipachikwe, na programu inayoheshimu leseni itaiacha nje kila mara. Ushauri wangu ni kubadilisha fonti. Kuna njia ya kugeuza maandishi yawe michoro, kwa mfano Path > Object to Path katika Inkscape, lakini soma leseni kwanza, na ujue kwamba jina hilo halitatafutika tena ndani ya PDF.

Kazi hii ifanyike kwenye kompyuta yako, yenye fonti. Mchapishaji hawezi kupachika asichokuwa nacho. Ukimaliza, endesha pdffonts tena, na usitume faili mpaka kila mstari uwe na yes chini ya emb.

Jambo moja litakusumbua baadaye. Kwa kuwa zinapachikwa herufi zilizotumika tu, mchapishaji akitaka kusahihisha Amina iwe Aminah ndani ya PDF, huenda h ya mwandiko ule haimo, na ataletewa h ya fonti nyingine. Masahihisho ya majina yafanye kwenye Word, kisha utoe PDF upya.