Magauni au vitabu vya hesabu? Jibu langu kwa binti wa kaka yangu

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu, aliyemaliza shahada ya uhasibu juzijuzi, aliniandikia barua. Ameniruhusu niiweke hapa, kwa sababu swali lake nimewahi kuulizwa na vijana wengi.

"Shikamoo shangazi. Nina akiba ya 1,500, na matumizi yangu ya mwezi ni 200. Nimebaki na mawazo mawili. La kwanza ni kuuza magauni. Nikinunua 100 kwa 10 kila moja, saizi tano, 20 kila saizi, na nikauza kwa 16, napata faida ya 600, yaani asilimia 60. La pili ni kuwatunzia wenye maduka vitabu vyao vya hesabu kwa 50 kila mwezi. Nikipata wateja kumi ni 500, na kila mmoja atanichukua kama saa sita tu. Magauni nayapenda zaidi, na kusema kweli sipendi kudaiana na watu. Shangazi, wewe unanijua. Lipi linanifaa?"

Marahaba mwanangu. Hesabu zako umezifanya kwa tarakimu nyepesi, nami nitazifuata hizohizo.

Nianze na hiyo asilimia 60. Faida ya 6 juu ya gharama ya 10 ni asilimia 60 kweli, lakini katika kila 16 inayoingia mkononi, yako ni 6, sawa na asilimia 37.5. Hiyo 10 iliyobaki ni ya gauni lijalo. Tofauti hii unaijua darasani. Sokoni inasahaulika haraka, kwa kuwa noti zote zinakaa mfuko mmoja.

Sasa tuseme unauza magauni 25 kwa mwezi, na kwa anayeanza huo si mwendo mbaya. Zitaingia 400. Utatoa 200 ya matumizi, utaona 200 imebaki, utasema biashara inakwenda. Lakini hayo magauni 25 yalikugharimu 250, kwa hiyo faida ni 150, nawe umetumia 200. Kila mwezi unakula 50 ya mtaji. Baada ya miezi minne magauni yote yameisha, faida ni ile 600 uliyoiandika, ila wewe umetumia 800. Ili faida ikutoshe matumizi peke yake unahitaji kuuza magauni 34 kila mwezi, na hapo sijahesabu nauli wala mifuko. Dalili utaiona mapema: siku ya kwenda kununua mzigo mpya, pesa uliyonayo hainunui idadi ile uliyouza.

Hiyo ni iwapo yote yatauzika. Mimi nilianza na viatu, na nilifanya kama unavyotaka kufanya: jozi sawasawa kwa kila namba. Namba za katikati ziliisha ndani ya wiki tatu. Kisha nikakaa miezi na viatu vidogo sana na vikubwa sana, rafu zimejaa, mteja anaingia, anapenda kiatu, anauliza namba yake, haipo. Mwenye kutazama kwa nje angesema duka lina mali. Mtaji ulikuwa umelala pale rafuni, na sikuwa na pesa ya kuleta namba zilizokuwa zinaulizwa. Mwishoni niliuza zile jozi kwa nusu ya bei niliyonunulia. Ukibaki na magauni 20 kati ya 100 ukayatoa kwa 5, utapata 1,380 badala ya 1,600, na faida itakuwa 380. Kumbuka pia kwamba kwa bei ya 16, mtaji wako wa 1,000 unarudi ukishauza gauni la 63. Faida yako yote imo katika yale ya mwisho, na ya mwisho ndiyo magumu kuuza.

Vitabu vya hesabu vina shida ya namna nyingine. Hapo ukikosea unapoteza saa zako, akiba inabaki. Kwa 50 kila mmoja, wateja wanne wanalipa matumizi yako ya mwezi, na huhitaji kumi. Nakuomba uishie wanne kwa miezi mitatu ya mwanzo. Zile saa sita ulizoandika ni za mteja ambaye vitabu vyake vimeshanyooka. Anayekuja kwako leo atakuletea mfuko wa risiti za miezi kadhaa, nyingine zimefutika wino, na pesa za duka zimechanganyika na za nyumbani. Mwezi wa kwanza mhesabie mara mbili ya saa hizo. Halafu kuna tarehe za kodi. Kama wateja wako wote wana siku moja ya kuwasilisha ritani, wote watakumbuka risiti zao wiki hiyo. Wateja kumi kwa saa sita ni saa 60, na ukizibana katika siku tano ni saa 12 kwa siku, bila kuhesabu simu za kukumbushana. Kwa hiyo kila mteja mpangie siku yake ya wiki ya kukukabidhi risiti, mwandikiane tangu mwanzo, na uingize hesabu zake wiki hiyohiyo.

Nije kwenye lile uliloliandika mwishoni kama jambo dogo, kwamba hupendi kudaiana. Hilo nimelisoma mara tatu. Wewe nakujua tangu ukiwa mdogo, rafiki akikwambia "nitakulipa mwisho wa mwezi" huwezi kumkatalia. Kwenye magauni wateja wako wa mwanzo watakuwa rafiki na ndugu, na kila gauni linaloondoka kwa mkopo linaondoka na 10 ya mtaji. Ukinyamaza kwa watu kumi, 100 imekwenda. Kwenye vitabu unaweza kujiwekea utaratibu utakaokupunguzia kudai: 50 ya mwezi inalipwa kabla hujagusa risiti. Asiyetaka, apewe nusu kwa nusu. Asiyelipa nusu ya kwanza, kazi haianzi, na hutakuwa umepoteza kitu. Mimi baada ya viatu niligeukia kuchukua oda kwa malipo ya awali, na kusema "naanza ukishalipa" kulinichukua muda kuzoea, lakini ni rahisi mno kuliko kusema "mbona hujanilipa."

Kwa hiyo jibu langu ni vitabu, sasa hivi, kwa wewe ulivyo na akiba uliyonayo. Ungekuwa na mwenzi anayelipa matumizi ya nyumbani, au mshahara wa pembeni, magauni yangekuwa na nafasi ya kukua bila kuliwa, na huenda ningekujibu tofauti. Ukifika mwisho wa mwezi wa tatu huna hata wateja wawili wanaolipa mapema, njoo tukae upya. Utakuwa umetumia 600 kwa matumizi, na 900 bado unayo.

Magauni usiyaache, najua unayapenda. Tafuta muuzaji wa jumla akupe mali kauli, magauni 12, saizi tatu za katikati tu, yasiyouzika yarudi kwake. Faida kwa kila moja itakuwa ndogo kuliko 6. Kila gauni liandikie tarehe ya kuchukuliwa, tarehe ya kuuzwa, saizi, na saizi ambayo mteja aliulizia akaikosa. Nusu ya daftari hilo, hasa safu ya mwisho, mimi sikuwahi kuiandika wakati wa viatu. Nataka kuiona tukikutana.