Chupa 200 za bure na mkebe wa kadi: nilichojifunza kwenye banda la maonyesho Malindi

Chini ya kitanda changu kuna mkebe wa biskuti uliojaa kadi za biashara. Nilizikusanya kwenye maonyesho ya kwanza niliyowahi kuweka banda hapa Malindi, na hakuna hata moja iliyonipa mteja.

Mimi natengeneza mafuta ya nazi, ya kupikia na ya kujipaka. Mwaka ule nilibeba chupa ndogo 200 za mililita 30 za kugawa bure. Kufika saa nane mchana zilikuwa zimekwisha, na mimi nikarudi nyumbani najiona nimefanya biashara. Wiki mbili baadaye nikaufungua mkebe nipige simu. Sikuweza kumkumbuka mtu. Yupi ana duka, yupi ana hoteli, yupi alinipa kadi kwa adabu tu ili apate chupa, yote yalikuwa yamechanganyika.

Ndipo nikakaa chini na kalamu. Lita moja inatoa chupa 33, kwa hiyo 200 zilinilia lita 6. Kwa bei yangu ya wakati ule, mafuta yaliyomo kwenye chupa moja yalikuwa ya shilingi 18, chupa yenyewe 15, stika 5. Hizo ni shilingi 38 kila chupa, 7,600 zote. Pesa hizo zilizidi kodi ya banda. Na wengi waliochukua hawakusimama hata. Walinyoosha mkono huku wanatembea, wakatia mfukoni, wakaendelea kwa jirani anayegawa kalamu.

Mwaka uliofuata nikapeleka chupa 60 tu, na nikaziweka chini ya meza ambako hazionekani. Juu ya meza nikaweka kionjo: muhogo uliokatwa mwembamba, unakaangwa pale pale kwenye karai ndogo kwa mafuta yangu, na bakuli la pilipili na ndimu pembeni. Harufu ilifanya kazi ya bango. (Ruhusa ya kuwasha jiko niliiomba kwa waandalizi wiki tatu kabla, kwa maandishi. Jirani yangu mmoja alikuja na mtungi wa gesi bila kuuliza, akazimiwa asubuhi ya kwanza.) Kasoro ya muhogo ni kwamba utaletewa umati uliokuja kula. Kwa hiyo wifi yangu alikaa kwenye karai, vipande viwili kwa mtu basi, na mimi nikabaki huru kuzungumza.

Aliyesimama baada ya kuonja nilimuuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Nyumbani mnatumia mafuta gani kwa sasa?" La pili: "Ungechukua ya kupikia au ya kujipaka?" Mpita njia hujibu neno moja na kuondoka, nami simsumbui. Mwenye haja huanza kueleza. Bwana mmoja alinijibu, "Dada, mimi si wa nyumbani, mimi napikia wageni Watamu, na ya kwangu yakipata moto yanatoa povu." Povu hilo mara nyingi ni maji yaliyobaki ndani ya mafuta. Nikamwonyesha karai: mafuta yametulia, muhogo unageuka rangi polepole. Huyo ndiye niliyeinama chini ya meza kumtolea chupa. Siku mbili zile nilitoa 43, na 17 nikarudi nazo nyumbani bila uchungu.

Chupa ikishatoka mkononi, kalamu iwe tayari. Nilikuwa na daftari la kawaida la shule, nimelipiga mistari: jina, simu, kazi yake, alichouliza, nilichomwahidi. Huo mstari wa mwisho ndio wenye pesa. Kwa bwana yule niliandika: "Mpishi, hoteli, Watamu. Mafuta yake yanatoa povu. Anataka jerikeni ya lita 5, si chupa. Nimeahidi bei ya jumla kesho." Niliandika kabla sijamkaribisha mwingine, hata kama amesimama anangoja. Na kila niliyechukua namba yake nilimuuliza waziwazi kama naweza kumtumia ujumbe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, anayepokea ujumbe asioutaka hukufungia namba, na mlango umefungwa.

Maandalizi yaliyonisaidia kweli yalikuwa karatasi moja: bei ya rejareja, bei ya kuanzia lita 5, bei ya kuanzia lita 20, na nani analipa usafiri. Mwaka wa kwanza mwenye duka aliniuliza bei ya katoni nikaanza kuhesabu kwa vidole mbele yake. Nikaona macho yake yanahamia banda la pili. Wenye maduka makubwa nao huanza na alama ya KEBS na msimbo pau kabla hawajaonja chochote. Kama huna, sema huna na useme umefikia wapi, ukizungukazunguka watajua.

Usiku ule ule wa kufunga nilikaa na daftari, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi, nikatia nyota kwa waliouliza bei, kiasi au siku ya kupelekewa. Kati ya majina 41, nyota zilikuwa 9. Asubuhi niliwatumia hao tisa ujumbe, kila mmoja wake, nikianza na neno lake mwenyewe. Kwa mpishi: "Habari ya asubuhi kaka, ni yule dada wa karai la muhogo. Uliniambia mafuta yako yanatoa povu. Bei ya jerikeni ya lita 5 ni hii hapa." Wasiokuwa na nyota walipata ujumbe mmoja mfupi wa shukrani mwisho wa wiki, basi. Siku ya tatu niliwapigia wale tisa. Asiyejibu nilijaribu tena baada ya wiki moja, kisha nikamfuta.

Hapo ndipo nilipokuta tatizo nisilolitarajia. Mama mmoja mwenye duka Nairobi alipokea simu yangu kwa sauti ya baridi. "Mafuta yako yameganda, umechanganya na nini?" Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Malindi hilo ni nadra kuliona, labda ukiyatia kwenye friji. Nairobi asubuhi ni jambo la kawaida. Nilimwomba aiweke chupa kwenye kikombe cha maji vuguvugu huku tunaendelea kuzungumza. Yakayeyuka, tukacheka, akachukua chupa 24. Tangu hapo stika zangu zote zina mstari unaosema hivyo.

Mpishi wa Watamu alinichelewesha zaidi. Ilikuwa Machi, na alinieleza kwamba hoteli yao hufunga masika, Aprili hadi Juni, kama zinavyofanya nyingi pwani hii. Mwaka wa kwanza ningelihesabu hilo kuwa ni hapana ya kistaarabu. Niliandika jina lake kwenye kalenda ya ukutani, wiki ya mwisho ya Juni, wakati jikoni wanaanza kununua upya. Nilipompigia alikuwa sokoni. "Dada wa muhogo," akasema, "niletee jerikeni mbili Jumatatu, na uje na risiti, huku hawalipi bila risiti."