Wadogo zangu, futeni neno "boresha"

Juzi nimeletewa picha nne za chupa ya asali kutoka kwa vijana watatu, zimehaririwa kwa programu za akili bandia, na katika zote nne chupa inaelea hewani kama puto. Nilicheka, kisha nikanuna, maana makosa yale nayajua. Nilishayafanya yote, tena kwa pesa ya mteja.

1. Anza na kile kisichoguswa. Wengi wenu prompti, yaani maagizo mnayoiandikia programu, inaanzia kwenye mandhari nyeupe, bidhaa inatajwa mwishoni kama mgeni asiyealikwa. Taja kwanza kitu chenyewe, umbo lake, rangi yake na lebo yake, ndipo uorodheshe vya kuondoa kwa majina: rimoti, glasi, kitenge kilichotandikwa mezani. "Ondoa takataka" haitoshi, kwa sababu programu haijui kama kamba ya katani shingoni mwa chupa ni pambo la muuzaji au ni takataka.

Hapa ndipo nilipoumia. Mama mmoja anayeuza asali alinitumia picha alizopiga jikoni kwake, dirisha upande wa kushoto, vyombo vimejaa nyuma. Nikaandika: "Boresha picha hii, iwe safi na ya kitaalamu, mandhari nyeupe." Matokeo yalimetameta, chupa kama ya dukani Ulaya. Nikazipitia kwenye simu, zikiwa ndogo kama stempu, nikamtumia zote, nikala pesa yangu. Baada ya siku chache akapiga simu, sauti ya upole inayotisha kuliko matusi: "Mwanangu, asali yangu ni gramu 500. Hii picha inasema 800." Nikaikuza picha. Kweli, 800. Jina la asali lenyewe limepinda herufi mbili, na mfuniko wa bati umekuwa wa dhahabu. Wateja wawili walikuwa wameshalipa wakidai gramu 800, na yeye aliwaongezea asali kutoka mfukoni mwake. Nilimrudishia hela, lakini aibu ile sijairudisha popote.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba programu hizi hazikati bidhaa kwa mkasi na kuibandika kwenye karatasi nyeupe. Nyingi zinaichora upya, na maandishi madogo ndiyo ya kwanza kuharibika. Ukiandika "boresha" umeipa ruhusa ya kubuni. Siku hizi nikipata picha mpya naikuza hadi asilimia 100, naiweka kando ya ile ya awali na kusoma lebo herufi kwa herufi. Ikiwa imepotoka, nachukua lebo ya picha ya awali na kuibandika juu yake kwenye programu ya kuhariri. Dakika kumi tu.

2. Mwanga na kivuli viandikwe pamoja. Ukiomba "mwanga sawa" peke yake, kivuli kinafutika na chupa inapaa. Ukiomba "kivuli laini" peke yake, unaletewa kivuli kirefu cha jioni kilicholala upande mmoja. Kinachoishikisha chupa chini ni ule mstari mweusi mwembamba pale kitako kinapogusa sakafu, halafu ukungu mfupi unaofifia. Kitaje. Na mng'ao wa dirisha la kushoto ukibaki kwenye kioo huku kivuli kikiangukia kushoto hukohuko, mnunuzi hatajua kasoro ni nini, ila ataona picha ya uongo.

Hii ndiyo ninayotumia sasa kwa chupa ile:

```
Hariri picha hii. Chupa ya asali, lebo, maandishi,
mfuniko na kamba vibaki vilevile, visibadilike.
Ondoa rimoti, glasi na kitenge, pamoja na taswira
zake ndani ya kioo. Mandhari nyeupe tupu #FFFFFF.
Mwanga sawa, laini, kutoka juu na pande zote mbili.
Kivuli laini cha asili chini ya kitako tu,
kifupi, kinachofifia. Chupa katikati, imesimama wima.
```

Ikikosea, badilisha sentensi moja, usiandike upya yote. Ukibadilisha tano hutajua ipi ilikuponya.

3. Nyeupe ya macho si nyeupe ya kompyuta. Amazon, kwa picha kuu, wanataka nyeupe ya 255, 255, 255 kamili, yaani nyekundu, kijani na bluu zote kwenye kilele, na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu. Programu mara nyingi hukupa 250 au 252, kwenye simu huoni kitu, ila ukiiweka kwenye ukurasa mweupe linatokea boksi la kijivu. Gusa pembe zote nne kwa kifaa cha kupima rangi, kisha pandisha weupe taratibu, ukisimama kabla kivuli hakijamezwa.

4. Kioo kinabeba rangi ya nyuma yake. Kitenge cha kijani kikiondoka mezani, ukijani wake hubaki ndani ya asali, na asali ya kijani hainunuliwi. Hapo prompti haikusaidii sana, mwambie muuzaji apige tena akiweka karatasi nyeupe nyuma ya chupa.

Na wewe ambaye rimoti yako bado inaonekana ndani ya kioo cha chupa, imepinda kama ndizi, irudie kabla ya saa kumi.