P.S. kwenye imeili ya mauzo: ni ya yule anayeruka katikati

"Wadau, imeili nyingi za kuuza huduma naona zinamalizia na P.S. Je, inaongeza chochote au ni urembo tu? Na kama inafaa, pale niandike nini?"

Inafaa, ila kwa msomaji wa aina moja. Mimi nafanya sevisi ya viyoyozi vya ofisi hapa Dar, kuanzia Posta hadi Mikocheni na Masaki, na wateja wapya wengi nawapata kwa imeili. Ninayemwandikia kwanza huwa ni afisa utawala. Akivutiwa, mara nyingi hanijibu mimi, anaifowadi kwa bosi anayeidhinisha pesa. Bosi anaifungua kwenye simu akiwa kwenye foleni Barabara ya Bagamoyo, anasoma mistari miwili ya juu, halafu anashusha kidole mpaka chini aone huyu ni nani na anataka nini. Hapo chini ndipo macho yake yanapotua, na P.S. inaandikwa kwa ajili yake.

Tabia hii ilijulikana tangu enzi za barua za posta. Mjerumani mmoja, Siegfried Vögele, alichunguza jinsi macho ya watu yanavyotembea juu ya barua za mauzo, akakuta wengi wanaifikia P.S. kabla ya kusoma barua yenyewe. Lakini ile ilikuwa karatasi, ukurasa mzima unauona kwa mara moja. Kwenye simu mwisho wa imeili haumo kwenye skrini mpaka mtu ashushe. Kwa hiyo imeili ya mistari mitano haihitaji P.S. kabisa, kwa sababu kila kitu kinaonekana bila kushusha. Yangu ina aya tatu au nne, ndiyo maana naiweka.

Sasa, uandike nini. Nilianza vibaya. Kwa muda mrefu P.S. yangu ilisema: "P.S. Pia tunafunga kamera za usalama, tunauza jenereta na tunarekebisha umeme." Niliona ni nafasi ya bure ya kutangaza vitu vingine. Majibu niliyopata yalikuwa ya jenereta: bei gani, inabeba nini, dhamana ya muda gani. Viyoyozi havikuulizwa. Mtu alikuwa ameshakaribia kuamua jambo moja, mimi nikamfungulia la pili, akahama.

Kisha nikajaribu kuharakisha watu: "P.S. Mwezi huu zimebaki nafasi tatu tu." Haikuwa kweli. Mwezi uliofuata nikatuma tena ileile, na dada mmoja wa ofisi ya Mikocheni akanijibu kwa adabu: "Kaka, hata mwezi uliopita zilikuwa tatu." Sikumpata tena, na sikustahili kumpata. Kama una tarehe ya mwisho ya kweli, iweke. Mimi ninayo moja: joto likianza kupanda kuelekea Desemba kila mtu anaita fundi kwa wakati mmoja, na ratiba yangu inajaa. Hiyo naiandika kama ilivyo, kwa msimu wake, na miezi mingine naiacha.

Ninayotumia sasa ni hii:

"P.S. Nijibu kwa namba tu: mna viyoyozi vingapi? Nitakutumia profoma leo. Kama kuna kinachodondosha maji, taja chumba, tutaanza nacho. Risiti ya EFD unapewa siku hiyohiyo ya malipo."

Iangalie kwa jicho la bosi ambaye hakusoma katikati. Hakuna neno linalomrudisha juu, kama "ofa hiyo" au "niliyoeleza". Inajisimamia. Ombi lenyewe ni dogo kiasi kwamba anaweza kulijibu kwa kidole kimoja foleni ikiwa bado imesimama. Zamani niliomba "tupange kikao", na kikao kinahitaji kalenda, kalenda inahitaji kurudi ofisini, na akirudi ofisini imeili imeshazikwa.

Maji yanayodondoka nimeyaweka kwa makusudi. Vumbi likichanganyika na unyevu wa hapa kwetu, bomba la kutolea maji huziba, na kiyoyozi kikaanza kulowesha ukuta au meza ya mtu. Karibu kila ofisi ina kimoja ambacho kimewekewa ndoo. Ukikitaja, msomaji anakiona mbele yake. Ukiandika "huduma bora kwa bei nafuu" haoni kitu.

Risiti ya EFD nayo ni jibu la swali ambalo mteja hakuulizi. Mhasibu akiona fundi wa mtaani, hofu yake ya kwanza ni kwamba malipo yatakosa risiti ya kuonyesha TRA. Wengi hawatakuandikia hofu hiyo, watakaa kimya tu. Kwenye biashara yako hofu itakuwa nyingine: huenda ni usafirishaji, dhamana, au nani atabeba gharama kitu kikivunjika. Tafuta swali ambalo wateja waliokubali walikuuliza mwishoni kabisa kabla ya kulipa. Jibu lake ndilo la kuweka hapo, kama ni la kweli.

Utajuaje kama inafanya kazi? Usitegemee hesabu ya imeili zilizofunguliwa. Kufunguliwa hakusemi mtu alisoma hadi wapi. Tena huhesabiwa pale picha ndogo iliyofichwa ndani ya imeili inapopakuliwa, na tangu 2021 programu ya imeili ya Apple inaweza kuipakua yenyewe hata kama mwenye simu hajasoma, kwa hiyo hesabu inavimba. Mimi naangalia umbo la jibu. Swali la idadi halipo popote katikati ya imeili yangu, lipo kwenye P.S. peke yake. Nikipata jibu kama "12, mapokezi kinavuja", najua limetoka wapi. Kulinganisha imeili thelathini zenye P.S. na thelathini zisizo nayo hakutakupa ukweli, maana tofauti ya watu wawili watatu inaweza kuwa bahati tu.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Yangu inakaa chini ya jina langu tu, juu ya nembo, sanduku la posta, namba za simu na maneno ya kisheria. Ikienda chini ya hayo yote, msomaji ameshaamua imeili imeisha.

Kuhusu herufi zenyewe, kuna jamaa wanaandika NB badala ya P.S. Kwenye ofisi zetu NB imezoeleka kama onyo au sharti, mfano "NB: bei haina VAT", na msomaji anajikaza akiiona. Kwa ombi la kirafiki nabaki na P.S., au naandika "Nyongeza:" kama imeili yote ni ya Kiswahili rasmi. Barua yenye "Kumb." na "Yah:" kwenda taasisi ya serikali siiwekei kabisa, inaonekana kama mtu aliyesahau kupanga mawazo.

Na ukituma imeili ya kukumbusha kwenye mazungumzo yaleyale, usirudie P.S. neno kwa neno. Gmail huficha maandishi yanayojirudia nyuma ya vidoti vitatu, na saini yako ikifichwa inaweza kuondoka nayo. Mara ya pili mimi natoa swali la idadi kwenye P.S. na kulifanya ndiyo imeili yenyewe, mistari miwili tu, bila chochote chini ya jina.