Shangazi anastaafu, na mimi ndiye nimeambiwa niseme

"Shikamoo Mama. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya huku Tanga. Ametimiza miaka 60 na mwisho wa mwezi anastaafu, baada ya miaka 36 kazini. Alinichukua nikiwa darasa la tatu, akanilea mpaka nimeolewa. Familia inamfanyia sherehe ndogo nyumbani, na mimi nimechaguliwa kutoa salamu za pongezi na kumkabidhi zawadi. Nimeandika mara nne, nikachana mara nne. Kila nikisoma naona kama risala ya mgeni rasmi. Yeye si mtu wa maneno mengi, na ameshasema hataki kulizwa mbele za watu. Kaka zangu nao wanataka nitangaze hapohapo kwamba sasa anahamia Dar akakae na wajukuu. Nimwambie nini? Na zawadi gani itamfaa?"
Binti wa Shangazi, Tanga

Marahaba mwanangu. Mfikishie hongera zangu, na mwambie namwonea wivu, maana mimi bado naandika barua za watu usiku.

Nadhani najua kilichokuwa kwenye karatasi ulizochana. "Napenda kuchukua fursa hii." "Amelitumikia taifa kwa uadilifu na moyo wa kujituma." Maneno hayo hayana kosa, ila yanamfaa karani wa mahakama sawasawa na yanavyomfaa mkunga. Tena hospitali nayo itamuaga, na huko wakubwa zake watasoma vituo vyote alivyopita na mwaka aliohamishwa. Waachie hayo, ni yao. Wewe sema lile ambalo mkuu wake wa kazi hawezi kulisema kwa kuwa hakuliona: mkunga akishavuka mlango wa nyumbani anakuwaje.

Mimi dada yangu alikuwa mkunga, nililala naye chumba kimoja miaka mingi, kwa hiyo nikupe vyangu ili uvikumbuke vyako. Akitoka zamu ya usiku alikuwa haingii na viatu. Vile vyeupe vilibaki uani juu ya tofali, sare ikaenda moja kwa moja kwenye karai la jiki, ndipo akaoga. Chai aliinywa kwa kusimama, kwa sababu alijua akikaa tu amelala. Halafu anajifunika kanga mpaka usoni, na sisi watoto tunafukuzwa uwanjani kwa ishara ya kidole. Mpaka leo nikisikia watoto wanacheza asubuhi karibu na dirisha la mtu, natamani kuwanyamazisha, hata kama mwenye dirisha hayupo.

Na ile saa. Bila shaka shangazi yako anayo, ile inayobanwa kifuani na kuning'inia kichwa chini. Ukiitazama wewe unaiona imepinduliwa; imetengenezwa isomwe na aliyeivaa peke yake, akiinamisha macho. Dada yangu alinieleza kazi yake siku nilipokuwa mjamzito. Kuna kile kifaa kinachofanana na tarumbeta ndogo, wao wanakiita fetoskopu. Upande mpana unakaa tumboni kwa mama, upande wa pili mkunga anauegemeza sikio, mikono anaiondoa, jicho liko kwenye saa. Anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika nzima. Yakiwa kati ya 110 na 160, uso wake haubadiliki na anaandika. Yakipungua sana au yakienda mbio, bado uso haubadiliki, ila mwendo wake unabadilika: anamgeuza mama alalie ubavu, anasikiliza tena, anamwita mwenzake kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. Ndani ya dakika hiyo hakuna anayeruhusiwa kuongea, hata bibi mzaa mama.

Sasa fikiria mtu aliyefanya hivyo miaka 36. Huyo unayesema si mtu wa maneno mengi amefundishwa na kazi kwamba ukitaka kusikia, nyamaza. Kwa hiyo hotuba ndefu kwake si zawadi. Dakika 3 zinatosha, na zikibaki ni nzuri zaidi.

Kabla hujaandika, toa mambo mawili nje.

La kwanza ni pesa. Nilishakaa kwenye sherehe ya kustaafu ya jamaa yangu ambapo mshereheshaji, kwa utani, aliwatangazia wageni kwamba mzee "amepokea mkupuo, sasa ni tajiri". Watu wakacheka. Kesho yake asubuhi walikuja wawili: mmoja ana wazo la bodaboda, mwingine ana kiwanja cha haraka haraka. Na ule mkupuo wenyewe ulikuwa haujaingia! Mshahara wa mwisho ukishapita, mafao ya mfuko huweza kuchukua muda, hasa barua ya ajira ya kwanza au ya kuthibitishwa kazini ikiwa imepotea kwenye jalada. Mnong'oneze mshereheshaji mapema: neno mafao, mkupuo wala kiinua mgongo lisitajwe. Na kama kaka zako wanataka kuonyesha upendo, wamjazie stoo: mchele, unga, mafuta, gesi, vya miezi miwili hivi. Wavipeleke kimyakimya kabla ya sherehe.

La pili ni Dar. Hapo sikubaliani na kaka zako hata kidogo. Kuna aliyemuuliza? Mwanamke amekesha na watoto wa watu tangu akiwa kijana, halafu siku ya kwanza ya kupumzika kwake anatangaziwa kwenye maikrofoni, mbele ya wageni ambao hawezi kuwakatalia, kwamba anaenda kukesha na wengine. Hiyo ni barua ya uhamisho. Labda yeye mwenyewe anatamani kwenda, sijui. Basi aseme mwenyewe, kwa wakati wake, na kwa muda anaoutaka. Waambie kaka zako wampelekee wajukuu wakati wa likizo, na wafunge nao safari mama zao.

Kuhusu zawadi, ningekuwa mimi ningechukua kiti cha uvivu, kile cha kulalia nyuma, pamoja na kigoda cha kunyanyulia miguu. Wakunga wanasimama kuchwa kucha, na miguu ndiyo inayolipa. Mwangalie mishipa ya ndama zake utanielewa. Juu ya kiti weka doti ya kanga. Lakini nakuomba mwanangu, soma jina kabla hujalipa. Watu wanatazama mji na pindo, rangi ikiwapendeza wanafungasha, wanafika sherehe wamembebea mtu fumbo la kumsuta. Na hata methali njema inaweza kukosea mlango. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" usimpelekee mkunga. Ameinama miaka 36, mgongo unauma. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" ni kumwambia arudi kazini. Tafuta "Mchumia juani hulia kivulini". Ukiikosa dukani kwa leo, subiri, ulizia kwa wengine. Kisha mpelekee fundi aikate na kuipinda, ili akiifungua aweze kuitanda palepale. Ikibaki doti nzima ataificha kabatini kwa ajili ya "siku maalumu", na sisi tunawajua shangazi zetu.

Haya, nimekuandikia kianzio. Mambo ya dada yangu yatoe, weka ya shangazi yako.

"Shangazi, shikamoo. Umesema hutaki kulizwa, kwa hiyo nitasema haraka.

Nilipokuja kwako nilikuwa darasa la tatu, na nilidhani unanichukia, kwa sababu ukirudi asubuhi ulikuwa huongei. Nilikuwa nakuta viatu vyako uani, nanyata. Siku moja nilikuuliza jana usiku ulikuwa wapi, ukaniambia: 'Nilikuwa napokea wageni.' Nikaamini una sherehe kila usiku na mimi hunipeleki.

Baadaye nilijua wageni wenyewe ni nani. Wengine wamekuwa wakubwa, wanakusimamisha sokoni wanakuamkia, wewe unauliza jina la mama zao ndipo unawakumbuka.

Saa yako ya kifuani imehesabu mapigo ya mioyo ya watu miaka 36. Leo tunaomba uivue. Hatuitupi, itundike ukutani, ikae kichwa juu kama saa nyingine, na sisi tuweze kuisoma.

Ukiamka saa nane usiku kwa mazoea, washa taa, pika chai, hakuna atakayekuuliza. Ukilala mchana, watoto wa nyumba hii tutawafukuza uwanjani kwa kidole, ulivyotufundisha. Pilipili zako za uani zinakungoja, na safari ya kwenda kumwona rafiki yako wa chuoni, ambayo umeiahirisha kila likizo, nauli yake ninayo mimi.

Kwa wanafamilia nina tangazo moja. Mwenye mimba aende kliniki. Mwenye mtoto mwenye homa saa sita ya usiku ampeleke hospitali, asimpigie Shangazi. Zamu yake imeisha.

Hongera Shangazi. Asante. Karibu nyumbani."

Hiyo ya "napokea wageni" ni ya dada yangu kweli, nimekuazima tu. Nina hakika wa kwako alikuwa na jibu lake la kuwajibu watoto. Kaa utulie ulikumbuke, ndilo litakalomchekesha kabla machozi hayajafika. Na ile safari, usiitaje kama huna nauli mkononi. Ahadi ya maikrofoni ni deni lenye mashahidi hamsini.

Isome kwa sauti jikoni mara mbili. Pale sauti inapokukatika, hapo ndipo patakukatika na siku yenyewe, kwa hiyo weka nukta kubwa upumue. Ukimaliza usimpe maikrofoni, na mshereheshaji asimlazimishe "neno la shukrani". Mkalishe kwenye kiti chake kipya, mnyanyulie miguu kigodani, mtandie kanga, kisha waambie vijana wafungulie muziki na walete sahani yake ya kwanza kabla ya ile ya mwenyekiti wa kamati.

Na simu ya kumuuliza "Shangazi, umepumzika?" Jumatatu yake ya kwanza, ukishindwa kabisa kujizuia, ipige baada ya saa nne asubuhi.