Gemu inaganda tena baada ya kuapdeti draiva

"Wakuu, wiki nzima gemu ilikuwa laini, jana nimeapdeti draiva leo inagandaganda kama siku ya kwanza, kadi imekufa?"

Kadi nzima kaka. Sheda za gemu, yaani vile viprogramu vya kuchora picha, lazima draiva izitafsiri kwa lugha ya kadi yako, na kazi hiyo inabebwa na prosesa, sasa bomu likilipuka mara ya kwanza fremu inasubiri sheda ya ule moshi, na kwa fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16 tu, tafsiri ikila 100 unaiona imeganda. Ikiisha inatunzwa kwenye diski, bomu la pili linapita laini. Draiva mpya inakuja na mtafsiri wake, zile tafsiri za zamani inazikataa inaanza upya. Juzi hapa Sakina, gemu yangu iliganda darajani raundi ya kwanza, ya pili ikapita freshi. Ikiganda palepale kila raundi, hiyo sio sheda.